Haidroksiyurea kwa Mtoto Mwenye Selimundu: Kupanga Kapsuli za Wiki kwa Majibu ya Damu

Mzazi anapokabidhiwa dirishani kopo la kwanza la haidroksiyurea, kwa kawaida huambiwa mambo mawili tu, kwamba mtoto ameze kapsuli moja kila siku na kwamba arudi kliniki baada ya wiki nne. Maelekezo hayo ni sahihi kwa mwezi wa kwanza, lakini yakibaki hivyo hivyo kwa mwaka mzima mtoto atakuwa anameza dozi ambayo hakuna aliyeichagua, kwa sababu uzito wake utakuwa umepanda, damu yake itakuwa imebadilika na kapsuli itakuwa ni ile ile. Mimi ni mfamasia hapa Dar es Salaam, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mzazi au mlezi anayetaka kuelewa namna dozi inavyofuatwa kwa majibu ya maabara, na namna ya kuishika dawa hii nyumbani bila kumdhuru mtu mwingine. Uamuzi wa kuanza, kuongeza, kupunguza au kusimamisha dozi ni wa daktari wa kliniki ya selimundu. Kazi ya mlezi ni kuja na takwimu sahihi, kuuliza maswali yanayostahili, na kutoa dawa kama ilivyopangwa.

Kwa nini dozi hufuata damu

Haidroksiyurea hufanya uboho wa mifupa, yaani mahali chembe za damu zinapotengenezwa, urudie kutengeneza kwa wingi himoglobini ya kichanga, ile ambayo mtoto huzaliwa nayo na ambayo haigeuzi chembe nyekundu kuwa na umbo la mundu. Wakati huo huo hupunguza chembe nyeupe aina ya neutrofili, ambazo kwa watoto wenye selimundu mara nyingi ni nyingi kupita kiasi na huchangia kuziba mishipa midogo ya damu. Kushuka kwa neutrofili kwa kiasi ni sehemu ya tiba na ndiyo ishara rahisi kuliko zote kwamba dozi imeufikia uboho. Zikishuka mno, mtoto hupoteza kinga dhidi ya bakteria. Kwa hiyo daktari hutafuta eneo la katikati, na eneo hilo halikai kwenye miligramu zile zile kwa kila mtoto, hata kama wana kilo sawa.

Jambo hili limepimwa katika nchi jirani. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2020 ulilinganisha watoto waliobaki kwenye dozi ya takriban miligramu 20 kwa kila kilo na wengine ambao dozi yao iliongezwa hatua kwa hatua kwa kufuata vipimo vya damu hadi wastani wa takriban miligramu 30 kwa kila kilo. Walioongezewa walipata vipindi vichache vya maumivu, waliongezewa damu mara chache na walilazwa mara chache, wala madhara hayakuzidi. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti mwingine wa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulikuwa umeonyesha kwamba dawa hii haiongezi malaria kama ilivyohofiwa, bali malaria ilipungua. Narudia hili kwa sababu bado nakutana na walezi wanaoisimamisha dawa nyumbani kila msimu wa mvua kwa hofu hiyo. Chandarua kiendelee kutumika, na kinga nyingine ambazo mtoto amepangiwa na kliniki, kama penisilini na foliki asidi, ziendelee pia.

Kabla ya kapsuli ya kwanza

Mtoto hupimwa uzito siku hiyo hiyo, bila viatu, na uzito huo huandikwa. Uzito wa kukumbuka, ule wa "mara ya mwisho alikuwa na kilo ishirini hivi", haufai kwa dawa hii. Kisha hupimwa picha kamili ya damu, ambayo kwenye fomu ya maabara huandikwa FBP, pamoja na hesabu ya chembe nyekundu changa ziitwazo retikulosaiti, na vipimo vya figo na ini. Figo zina umuhimu wa pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa hutoka kwa njia ya mkojo, hivyo figo zikiwa dhaifu dawa hulimbikizana mwilini na dozi ya kawaida hugeuka kuwa kubwa.

Omba nakala ya majibu hayo ya kwanza uitunze, kwa sababu kila jibu litakalofuata litasomwa kwa kulinganishwa nayo. Nunua daftari dogo la mistari, na kwenye kila ukurasa andika tarehe, uzito, idadi ya kapsuli kwa wiki, na takwimu nne kutoka kwenye karatasi ya maabara, ambazo ni NEUT#, yaani neutrofili, PLT, yaani chembe sahani, HGB, yaani himoglobini, na MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Mtoto anayetibiwa leo Temeke na mwezi ujao akapelekwa Muhimbili huenda faili lake lisimfuate kwa wakati, lakini daftari hilo litakuwa mkononi mwako.

Kuhesabu kapsuli kwa wiki

Kapsuli inayopatikana zaidi ni ya miligramu 500. Zipo pia za miligramu 250 na za miligramu 100, kwa hiyo jambo la kwanza kila unapopokea kopo jipya ni kusoma nguvu iliyoandikwa. Jina kwenye kopo linaweza kuwa Hydroxyurea au Hydroxycarbamide, nayo ni dawa moja. Niliwahi kumpokea mama aliyekuwa na makopo mawili yenye majina hayo mawili, yaliyotoka sehemu mbili tofauti, naye alikuwa akitoa kapsuli moja kutoka kila kopo kwa kudhani ni dawa mbili zinazosaidiana. Mtoto wake alikuwa ametumia dozi mara mbili kwa siku tisa.

Dozi ya kuanzia kwa watoto wengi ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mara moja kwa siku. Kwa kuwa kapsuli haikatwi, dozi ya siku mara chache huangukia sawasawa kwenye kapsuli nzima. Njia nzuri ni kuihesabu kwa wiki, kisha kuzigawa kapsuli kwenye siku saba:

```
kapsuli kwa wiki = uzito (kg) x dozi (mg/kg) x 7 / 500
```

Tumchukue binti wa miaka minane mwenye kilo 24. Mara 20 tunapata miligramu 480 kwa siku, ambazo kwa wiki ni 3,360, sawa na kapsuli 6.7. Daktari anazifanya kapsuli 7, yaani moja kila siku, na dozi halisi inakuwa miligramu 20.8 kwa kilo. Tofauti hiyo ndogo haina tatizo, ila iandikwe dozi halisi, si ile iliyokusudiwa.

Majibu yake ya kwanza, kabla ya dawa, yalikuwa hivi: NEUT# 7.1, PLT 420, HGB 7.4 na MCV 82.

Wiki ya nne na wiki ya nane

Katika miezi ya mwanzo FBP hurudiwa kila baada ya wiki nne, na kliniki nyingine hupima mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Binti yetu katika wiki ya nne ana NEUT# 5.6, PLT 380, HGB 7.8 na MCV 88. Katika wiki ya nane karatasi ya maabara ina WBC 11.6 na NEUT% 45, lakini mahali pa NEUT# pako wazi. Hali hii hutokea, na hesabu yake ni rahisi, kwani unazidisha jumla ya chembe nyeupe kwa asilimia ya neutrofili:

```
11.6 x 45 / 100 = 5.2
```

Hapa pana mitego miwili ambayo mlezi makini anaweza kuiona. Wa kwanza ni kwamba mashine za maabara ndogo huandika GRAN# badala ya NEUT#. Takwimu hiyo hujumuisha neutrofili pamoja na chembe nyingine zinazofanana nazo, zikiwamo zile zinazoongezeka mtoto anapokuwa na minyoo au mzio, hivyo huweza kuonyesha neutrofili nyingi kuliko zilizopo. Mtego wa pili ni kwamba watoto wenye selimundu wakati mwingine huwa na chembe nyekundu changa ambazo bado zina kiini, na mashine nyingine huzihesabu kana kwamba ni chembe nyeupe. Ikiwa WBC imepanda ghafla bila sababu, inafaa kuiomba maabara itazame damu kwenye kioo chini ya hadubini kabla dozi haijaongezwa kwa kutegemea takwimu hiyo. Pia pima kila mara katika maabara ile ile inapowezekana.

Eneo linalotafutwa ni neutrofili kati ya 1.5 na 4.0. Vizio vinavyochapwa kwenye karatasi ni `10^9/L` au `10^3/uL`, navyo vina thamani ile ile. Karatasi nyingine huandika 1,500 na 4,000, na maana haibadiliki. Binti yetu ana 5.2 baada ya wiki nane, yuko salama, lakini dawa haijafika inapotakiwa. Kwanza muuguzi anauliza kuhusu kapsuli zilizobaki nyumbani, kwa sababu kuongeza dozi kwa mtoto asiyemeza ile aliyo nayo ni kosa linaloonekana baadaye, siku atakapoanza kumeza zote. Alipewa kapsuli 60 kwa siku 56, na mama amekuja na nne. Hesabu imekaa sawa, na MCV iliyopanda kutoka 82 hadi 92 inathibitisha kwamba dawa inamezwa, kwa kuwa haidroksiyurea hukuza ukubwa wa chembe nyekundu na hicho ndicho kipimo cha MCV.

Dozi huongezwa kwa hatua zisizozidi miligramu 5 kwa kilo, si mara nyingi kuliko kila wiki nane, na haivuki miligramu 35 kwa kilo. Uzito wa binti sasa ni kilo 24.5. Tukilenga 25 kwa kila kilo tunapata kapsuli 8.6 kwa wiki, na hapo daktari ana uchaguzi kati ya 8 na 9. Kapsuli 9 zingekuwa miligramu 26.2 kwa kilo, hatua inayozidi 5 kutoka pale alipo. Anachagua 8, ambazo ni sawa na 23.3. Nami nakubaliana naye, kwa sababu hatua ndogo inayofuatwa na FBP hupoteza wiki chache tu, ilhali hatua kubwa inaweza kumsimamisha mtoto dawa kabisa.

Kapsuli nane kwa wiki maana yake ni moja kila siku na mbili siku moja. Siku hiyo ya mbili ichaguliwe na isihamishwe. Mama anachagua Jumatano, anaizungushia duara jekundu kwenye kalenda ya ukutani, na mtu yeyote anayemwachia mtoto, awe bibi au shangazi, anaonyeshwa kalenda badala ya kuelezwa kwa mdomo. Zikifika tisa kwa wiki, siku mbili za kapsuli mbili ziachane, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi.

Wiki ya kumi na sita NEUT# ni 3.4, PLT 310, HGB 8.9 na MCV 101. Amefika. Kuanzia hapo, akiendelea hivyo, FBP inaweza kupimwa kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Damu ikishuka mno

Mwezi wa kumi tangu aanze dawa binti anapata mafua yaliyozunguka darasani kwao. Yamekwisha, anacheza, lakini FBP ya kawaida inaonyesha NEUT# 0.9. Mama anashangaa.

"Dada, mbona mtoto mzima namna hii mnamsimamishia dawa?"

"Mama, tunaisimamisha akiwa mzima ili asije akaugua. Askari wake wa damu wamepungua, tunawapa wiki moja wajaze nafasi. Kapsuli usizitupe wala usimpe mtu, ziweke, na Jumatatu ijayo mlete tupime tena."

Maelezo ya muuguzi yanatosheleza. Dawa husimamishwa neutrofili zikiwa chini ya 1.0, na kliniki nyingine husimamisha mapema zaidi, zikishuka chini ya 1.25, kwa hiyo ulizia kikomo kinachotumika kwenye kliniki yako ukiandike kwenye jalada la daftari. Husimamishwa pia chembe sahani, yaani PLT, zikiwa chini ya 80, au HGB ikiwa chini ya 4.5, au retikulosaiti zikiwa chini ya 80 wakati HGB iko chini ya 9. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. HGB ya 6 kwa mtoto ambaye uboho wake unamwaga chembe changa kwa wingi humaanisha kwamba damu inavunjwa upesi, lakini HGB ile ile pamoja na chembe changa chache humaanisha kwamba kiwanda chenyewe kimesimama, ama kwa dawa ama kwa kirusi kinachoushambulia uboho, na mtoto wa namna hiyo anahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Sababu nyingine huweza kushusha takwimu hizi pasipo kosa la dozi. Malaria hushusha chembe sahani, na mafua ya virusi hushusha neutrofili kwa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo PLT ya 70 kwa mtoto mwenye homa hudai kipimo cha malaria kabla ya kuilaumu kapsuli, ingawa kapsuli yenyewe husimamishwa kwanza.

Damu hupimwa tena kila wiki hadi ipande. Binti yetu baada ya wiki moja ana NEUT# 1.9, basi anarudishiwa kapsuli zile zile nane. Kama ingechukua zaidi ya wiki moja kupanda, au kama kushuka huko kungejirudia katika miezi mitatu, angeanza tena kwa dozi iliyopungua kwa miligramu 2.5 hadi 5 kwa kilo. Kosa ninaloliona mara kwa mara si kuchelewa kusimamisha, bali ni kusahau kurudisha. Mtoto husimamishwa kwa wiki moja, ile tarehe ya kurudi inaangukia msiba au nauli haipo, na miezi mitatu baadaye analetwa kwa maumivu makali, kopo lake likiwa bado limejaa kabatini.

Dozi inayopungua bila kuguswa

Mwaka umepita. Binti ana kilo 28 na bado anameza kapsuli nane, ambazo kwa uzito huo zimekuwa miligramu 20.4 kwa kilo. NEUT# imepanda hadi 5.0 na amepata maumivu ya mgongo mara mbili. MCV imebaki 100. Takwimu hizi mbili zikisomwa pamoja zinaeleza jambo zima. Kama angekuwa anaruka dozi, MCV nayo ingeshuka taratibu katika wiki na miezi kuelekea pale ilipoanzia. Kwa kuwa imesimama, anameza vizuri, ila amekua. Dozi iliyomfaa awali ilikuwa 23.3 kwa kilo, ambayo kwa kilo 28 ni kapsuli 9.1 kwa wiki. Anapewa 9, na FBP inapimwa baada ya wiki nne kama ilivyo kila dozi inapobadilika. Mtoto anayekua apimwe uzito kila anapofika kliniki, na hesabu ya kapsuli irudiwe hata kama hakuna aliyelalamika.

MCV ina udhaifu wake, nao ni kwamba kwa mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma huenda isipande sana hata akimeza kila siku. Kabla ya kumtuhumu mlezi, hesabu ya kapsuli itangulie.

Siku iliyosahaulika, na siku ya homa

Dozi iliyosahaulika ikikumbukwa siku ile ile, itolewe. Ikikumbukwa kesho yake, iache, endelea na ya kesho peke yake. Usiongeze ya kufidia. Mtoto akitapika baada ya kumeza, usirudie, maana huwezi kujua kiasi gani kimeshaingia. Andika tu kwenye daftari. Dawa yaweza kumezwa pamoja na chakula au bila chakula, na wanaolalamika tumbo hufanya vizuri wakiimeza usiku kabla ya kulala.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, iwe usiku au mchana, pamoja na daftari na kopo. Suala la kuendelea au kutoendelea na kapsuli huamuliwa pale, baada ya FBP, si nyumbani. Kucha kuwa na mistari myeusi, ngozi kukoza kidogo na nywele kupungua huweza kutokea, nayo hutajwa kliniki bila haraka. Damu isiyokoma puani, madoa madogo mekundu kwenye ngozi, vidonda vya mdomoni au weupe wa ghafla wa viganja havisubiri tarehe ya kliniki.

Kuishika kapsuli

Haidroksiyurea huzuia chembe zinazogawanyika haraka, na ndiyo maana hutumika pia katika baadhi ya saratani. Kwa mtu asiyeihitaji, na hasa kwa mimba, haifai kugusa ngozi wala kuvutwa puani. Kapsuli nzima isiyopasuka haina hatari kubwa, lakini unga ulio ndani yake unayo. Mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, asiishughulikie. Kama mama mwenyewe ndiye mjamzito, baba au mtu mwingine mzima nyumbani achukue kazi hiyo, na mama akilazimika avae glavu za kutupa.

Kwa mtoto anayeweza kumeza kapsuli nzima, utaratibu ni huu. Nawa mikono na uikaushe vizuri, kwa sababu kapsuli ya jelatini hulainika kwa unyevu. Vaa glavu. Inamisha kopo taratibu ili kapsuli idondokee kwenye kifuniko chake, bila kuingiza vidole ndani ya kopo. Kutoka kwenye kifuniko mtoto aipokee kwa kiganja kikavu, aimeze na maji mengi bila kuitafuna, kisha wote wawili mnawe kwa sabuni. Kapsuli za wiki zisihamishiwe kwenye bahasha ya karatasi au kopo lingine, kwani dawa hii hunyonya unyevu, na hewa ya Dar es Salaam haikosi unyevu. Kopo lifungwe kabisa na likae mahali pakavu penye kivuli, kwenye joto lisilozidi lililoandikwa juu yake, juu kabisa ya kabati ambalo watoto hawalifikii. Juu ya friji panaonekana pafaa lakini pana joto, vivyo hivyo dirishani na kwenye gari.

Mtoto mdogo asiyeweza kumeza kapsuli anahitaji dawa ya maji iliyotengenezwa na mfamasia. Uliza kwanza kama hospitali yako inaitengeneza, kwa sababu ni salama kuliko kufungua kapsuli jikoni. Soma miligramu zilizomo katika kila mililita, tikisa chupa, na upime kwa sirinji ya mdomo, kamwe si kwa kijiko cha chai.

Pale tu ambapo daktari na mfamasia wameelekeza kapsuli ifunguliwe nyumbani, ifanyike hivi. Zima pangaboi na feni zote, watoto wengine watoke chumbani. Vaa glavu na barakoa. Tandika gazeti. Weka mililita 10 za maji baridi ya kunywa, yaliyopimwa kwa sirinji, kwenye kikombe kidogo kisichotumika kwa kazi nyingine. Maji ya moto huiharibu dawa. Fungua kapsuli ya miligramu 500 ukiwa umeishusha ndani ya mdomo wa kikombe, karibu na maji, umimine unga na ukoroge. Vipande vyeupe vinavyobaki bila kuyeyuka ni vya kujazia kapsuli, dawa yenyewe huyeyuka. Kila mililita sasa ina takriban miligramu 50. Mtoto wa kilo 12 aliyeandikiwa 20 kwa kilo anahitaji miligramu 240, ambazo ni mililita 4.8. Mpe mara moja, na kilichobaki kisitunzwe kwa kesho.

Mabaki hayo, pamoja na glavu, gazeti na maganda ya kapsuli, yatiwe kwenye chupa tupu yenye kifuniko, iliyoandikwa wazi kwamba ni taka ya dawa, na irudishwe kwenye famasia ya hospitali siku ya kliniki. Yasichomwe pamoja na takataka za uani, maana moto wa kawaida hauiteketezi dawa ya aina hii na moshi wake huvutwa na waliopo. Unga ukimwagika, usiufagie wala kuukung'uta. Ukiwa na glavu na barakoa, ufute kwa karatasi iliyolowanishwa, kisha safisha mahali hapo kwa maji na sabuni mara mbili, na karatasi zote ziingie kwenye chupa ile ile. Ukigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji mengi. Ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 na uende kituo cha afya. Anayesafisha matapishi au kubadilisha nepi za mtoto anayetumia dawa avae glavu, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake kabla ya kuchanganywa na nyingine.